Saa Nane Ikifika Nafunga, Hata Kama Bei Bado Inaenda

Leo nitasema kitu ambacho mbogi ya foreksi haitapenda. Ile mbinu ya boksi la asubuhi mnayouziwa kwenye TikTok kama siri ya kuomoka haina siri yoyote. Unachora boksi, bei ikivunja juu unanunua, ikivunja chini unauza. Nimekufundisha bure, umeokoa doo zako za kozi.

Ngumu iko kwa vitu viwili ambavyo hakuna mtu anashuti video yake, kwa sababu ni boringi. Utatoka saa ngapi? Na leo ukipoteza ngapi unazima simu? Maoni yangu ni kwamba kama huna majibu ya hayo maswali mawili kabla boksi halijafunga, wewe hutredi. Unabeti tu, sema beti yako ina chati.

Najua kwa sababu nililipa kujua. Nilikuwa mwaka wa pili chuo. Karo ya muhula ilikuwa kwenye simu, nikaiweka kwa akaunti ya kutredi, kama dola 290 hivi. Mpango ulikuwa niizungushe wiki mbili halafu nilipe. Siku moja nikaingia, nikapoteza dola 4. Nikakasirika. Nikaingia tena na loti mara mbili, nikapoteza 9. Ya tatu nikapoteza 22. Ya nne 51. Ya tano nikaongeza loti hadi mkono ukawa unatetemeka, nikapoteza 173. Ukijumlisha ni dola 259 kwa siku moja, na nilibaki na 31.

Angalia hizo namba tena. Hasara nne za kwanza zote pamoja ni 86. Ya tano peke yake ni mara mbili ya hizo. Sikuangushwa na mbinu mbaya. Ile dola 4 ya kwanza ilikuwa hasara ya kawaida kabisa, hata treda mzuri anaipata kila wiki. Nilichokosa ni ukuta wa kunizuia nisifike ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano. Sikurudi chuo muhula ule, na bado sijarudi.

Sasa naishi Malaba, chumba kimoja kando ya laini ya matrela yanayongoja kuvuka kwenda Uganda. Nashuti video za harusi na za maduka hapa na Busia, na asubuhi natredi akaunti ya dola 200. Mtu aliyenionyesha nilichokosa si gwiji wa Nairobi mwenye Mercedes ya kukodi. Ni shangazi yangu, anayebadilisha pesa pale Busia, za Kenya kwa za Uganda.

Nilikaa na yeye siku moja tangu mapema. Watu wa kwanza wakaja kuuliza bei, akawapa bei isiyovutia, wengine wakaenda. Nikamwuliza mbona anafukuza wateja. Akanijibu, "Mwanangu, saa hii hakuna anayejua bei ya leo. Wacha kwanza wa mahindi na wa samaki wafike, nione pesa gani inatafutwa zaidi." Kama saa moja baadaye akaanza kubadilisha kikwelikweli. Halafu nikagundua mambo mengine mawili. Mkoba wake ulikuwa na pesa ya siku hiyo tu, nyingine iko nyumbani, na mkoba ukiharibika siku imeisha. Na kuna saa yake ya kufunga. Hata kuwe na mteja mbio mbio anakuja na bunda, shangazi ashafunga na kuenda.

Hajawahi kusikia neno ORB maishani mwake. Lakini amekuwa akifanya sehemu zake zote tatu: subiri ufunguzi ujionyeshe, weka kikomo cha hasara, toka kwa saa.

Wacha nieleze ORB yenyewe kwanza, ndiyo tuelewane. Hizo herufi ni za jina la Kiingereza, na maana yake ni kuvunjika kwa masafa ya ufunguzi. Soko likifunguka, bei hutembea juu na chini ndani ya nusu saa ya kwanza. Bei ya juu kabisa na ya chini kabisa za hiyo nusu saa ndizo kuta za boksi. Wazo ni kwamba watu wenye pesa nyingi wakishaamua upande, bei itatoka nje ya boksi na kuendelea upande huo kwa muda. Si jambo geni. Toby Crabel aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1990, wakati masoko ya Marekani yalikuwa yanafunguka kwa kengele na watu wanapigiana kelele ukumbini.

Shida ya kwanza iko hapo kwa kengele. Foreksi haina kengele. Inatembea usiku na mchana kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa hivyo "ufunguzi" unauchagua wewe, na lazima uchague saa ambayo pesa nyingi zinaingia kweli. Mimi natredi GBPUSD, pauni dhidi ya dola, na ufunguzi wangu ni London ikiamka, saa mbili asubuhi yao. Kwetu hiyo ni saa nne asubuhi.

Lakini si mwaka mzima. Hapa ndipo niliumia wiki mbili bila kujua. Sisi hatubadilishi saa, Waingereza hubadilisha. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, London inafunguka saa nne yetu. Miezi ile mingine inafunguka saa tano. Mimi alamu ya simu ilikuwa inalia saa nne ileile hadi Novemba. Nikawa nachora boksi saa nzima kabla London haijaamka.

Ningejuaje? Dalili zilikuwa wazi, sema sikuwa naangalia. Maboksi yangu yalikuwa yamezoea kuwa na pipsi 20 na kitu, ghafla yakawa ya 8 na 9. Bei ilikuwa inavunja juu, inarudi, inavunja chini, inarudi, halafu saa tano ikifika ndio inakimbia kweli, mimi nikiwa nishapoteza mara mbili. Na saa ya chati ilikuwa imeachana na saa ya simu. Kwa hivyo kabla ya kulaumu mbinu, linganisha saa ya London na ya simu yako. Kuanzia hapa nitatumia saa za ile miezi ya saa nne. Ile miezi mingine ongeza saa moja kwa kila kitu.

Sasa mpango wangu, hatua kwa hatua, na akaunti ya dola 200.

Kuanzia saa nne hadi saa nne na nusu sifanyi kitu. Naangalia tu. Saa nne na nusu ikifika naandika bei ya juu na ya chini ya boksi kwenye daftari la karatasi. Kisha naweka oda mbili za kungoja: Buy Stop juu ya boksi na Sell Stop chini yake. Kila moja ina Stop Loss yake upande wa pili wa boksi.

Kuna kitu kidogo hapa kinakula watu. Chati ya MT5 kwa kawaida inakuonyesha bei ya Bid, lakini Buy Stop inawashwa na bei ya Ask, ambayo iko juu zaidi kwa kiasi cha spredi. Ukiweka oda ya kununua pipsi 2 juu ya boksi na spredi ni pipsi 1, utaingizwa sokoni kabla mstari kwenye chati haujafika hapo, halafu unalia ati broka amekuibia. Hajakuibia. Ongeza spredi kwenye oda ya kununua. Chini, kwenye Sell Stop, hauongezi, kwa sababu hiyo inawashwa na Bid. Lakini ile Stop Loss yake iko juu na inawashwa na Ask, kwa hivyo hiyo nayo iongezee spredi.

Oda zangu zinakufa saa sita mchana. Ukiweka oda kwenye MT5 unaweza kuipa saa ya kuisha, na naitumia. Bei ikivunja boksi baada ya saa sita, huo mvunjiko si wa ufunguzi tena, na mimi sina maoni juu yake.

Na saa nane mchana nafunga chochote kilicho wazi. Faida, hasara, katikati, sijali.

Wacha tupitie siku moja, na nimechagua ambayo hainifanyi nionekane mjanja. Boksi lilikuwa na juu ya 1.2740 na chini ya 1.2718. Hiyo ni pipsi 22. Nikaweka Buy Stop kwenye 1.2743 na Sell Stop kwenye 1.2716. Stopu ya kila moja iko mahali ambapo nyingine inaanza, kwa hivyo umbali ni pipsi 27. Loti yangu ni 0.01, ndogo kabisa, na kwa GBPUSD hiyo inafanya pipsi moja iwe senti 10 za dola. Nikikosea mara moja, napoteza dola 2.70.

Hapo kuna sheria imejificha. Mimi sitaki kupoteza zaidi ya dola 3 kwa oda moja, ambayo ni asilimia 1.5 ya akaunti. Loti siwezi kuipunguza, ishafika chini kabisa. Kwa hivyo kama umbali wa stopu unazidi pipsi 30, siku hiyo natazama tu. Wengi wenye akaunti ndogo hawajui kwamba boksi kubwa ni la watu wenye pesa kubwa. Wanalichora, wanaingia, halafu wanasogeza stopu karibu ndiyo "iwafae," na bei inaigonga wakati bado inapumua tu ndani ya boksi.

Saa tano kasoro dakika kumi bei ikapanda, nikaingizwa kununua. Ikapanda hadi 1.2751, nikatabasamu. Ikageuka. Saa tano na dakika arobaini ikagonga stopu yangu, dola 2.70 zikaenda, na papo hapo ile oda ya kuuza ikawashwa. Bei ikaendelea kushuka. Saa saba kasoro dakika kumi ilikuwa 1.2689, faida ya pipsi 27, yaani nimerudi sifuri kamili kwa siku hiyo. Kidole kilikuwa kinawasha kufunga. Sikufunga, kwa sababu mpango haukusema saa saba kasoro kumi. Bei ikarudi juu kidogo, na saa nane ikanikuta kwenye 1.2701. Pipsi 15, dola 1.50. Nikafunga.

Jumla ya siku: hasara ya dola 1.20. Na jioni nilipoangalia, bei ilikuwa imefika 1.2660. Ningekaa, ningekuwa na pipsi 41 zaidi.

Najua mtu anasoma hii anasema, si unaona? Saa yako imekunyima pesa! Rafiki yangu mmoja aliniambia hivyohivyo, ati kufunga kwa saa ni uoga, wacha faida ikimbie. Mimi nasema anaangalia upande mmoja wa hesabu.

Kwanza, saa inakata pande zote mbili. Kuna siku nyingi ambazo bei inavunja boksi halafu inachoka, haiendi mbele na haigongi stopu. Saa nane inanikuta nikiwa na hasara ya pipsi 7 au 8. Nafunga na senti 80 zimeenda badala ya kungoja zifike dola 2.70. Huyo rafiki yangu anahesabu pipsi 41 nilizoacha mezani, lakini hahesabu zile hasara nusu ambazo saa ilinikatia kabla hazijakomaa.

Pili, niliingia kwa sababu gani? Kwa sababu London imeamka na imechagua upande. Hiyo sababu ina umri. Saa nane yetu, London ni saa sita mchana, wanaenda kula. Kuanzia saa tisa na nusu habari za Marekani zinaanza kutoka: ajira, mfumuko wa bei. Hapo bei inaweza kuruka popote kwa sababu ambayo haina uhusiano wowote na boksi langu. Nikikaa, sitredi tena kile nilichoingilia. Nimebadilisha biashara katikati bila kujiambia. Na nikikaa hadi usiku, broka anaweza kunitoza gharama ya kulaza oda, na sasa mimi ni mwekezaji wa lazima.

Tatu, na hili ndilo muhimu kwangu, saa haibishaniki. Lengo la faida unaweza kulisogeza. Stopu unaweza kuisogeza, nimefanya hivyo mara nyingi usiku wa manane nikijiambia uongo. Lakini saa nane ni saa nane. Hakuna mtu ashawahi kuniambia "saa nane inaonekana dhaifu leo, tungoje kidogo."

Kitu kimoja cha kuangalia: Benki Kuu ya Uingereza hutangaza uamuzi wake wa riba saa sita mchana London, yaani dakika ileile ninayofunga. Siku hizo sitredi pauni kabisa. Kalenda iko wazi, tarehe zinajulikana mapema, hakuna kisingizio.

Sasa kikomo cha hasara. Changu ni dola 6 kwa siku, asilimia 3 ya akaunti. Sikuitoa hewani. Boksi lina kuta mbili tu. Likivunjika juu nikapoteza, na likivunjika chini nikapoteza, basi soko limeniambia kwamba leo halina upande. Nikiingia mara ya tatu sina habari mpya, nina hasira mpya. Kwa hivyo siku ina nafasi mbili. Mara mbili dola 2.70 ni 5.40, na ile senti 60 iliyobaki ni ya bei kuteleza, kwa sababu soko likikimbia, stopu inaweza kufungwa mbali kidogo na pale ulipoiweka. Kikomo cha siku hakikuhakikishii kwamba utapoteza dola 6 kamili. Kinakuhakikishia hutafungua oda nyingine baada ya hapo.

Na kihesabu hivi: chukua kilichobaki kabla ya kikomo, kisha uulize kama oda inayofuata ikipotea yote itatoshea. Isipotoshea, usiingie. Rudi kwenye siku yangu ya karo. Akaunti 290, asilimia 3 ni dola 8.70. Baada ya kupoteza 4 nilibaki na 4.70. Ile oda ya pili iliyonipotezea 9 isingeruhusiwa hata kufunguliwa. Siku ingeisha kwa hasara ya dola 4, na Jumatatu ningelipa karo na kulalamika tu kwamba foreksi ni ngumu.

Lakini kuandika kikomo kwenye daftari hakutoshi, kwa sababu mtu anayeshikilia daftari ndiye huyohuyo mwenye hasira. Apu ya MT5 kwenye simu haikufungii mlango ukipoteza dola 6. Kwa hivyo nikaiga mkoba wa shangazi. Pesa zangu nyingi za kutredi ziko nje ya akaunti, na kuzirudisha ndani ni kazi. Na nikigonga kikomo, naondoka kwenye akaunti na kufuta apu. Nywila ndefu imeandikwa kwenye karatasi, na karatasi inakaa Busia kwa shangazi. Kuipata ni nauli ya matatu na maswali mengi ya "unaitaka ya nini mchana huu?" Hasira yangu haijawahi kuvumilia hiyo safari.

Wenzangu wa mpakani, kuna kitu chetu maalum pia. Hapa Malaba simu yako inaweza kuruka kwenye mtandao wa Uganda bila kukuuliza, na data inakatika hapo hapo. Stima nayo unaijua. Stop Loss inakaa kwenye kompyuta za broka, kwa hivyo hata simu ikizima bado inakulinda. Lakini kufunga saa nane kunahitaji wewe uwe hewani. Kwenye mipangilio ya simu chagua mtandao wa Kenya kwa mkono, usiachie simu ijichagulie. Alamu yangu inalia saa nane kasoro robo ndiyo niwe na muda wa kutafuta netiwaki. Na ndiyo maana siwezi kuingia bila stopu hata kidogo: siku ambayo saa itanishinda kwa sababu ya netiwaki, stopu ndiyo itabaki kazini.

Swali la mwisho ni kama hii kitu inalipa. Wacha nikupe hesabu ya mfano, si ahadi. Tuseme umeingia mara 10. Nne zimegonga stopu, dola 2.70 kila moja, ni hasara ya 10.80. Tatu zimefungwa na saa zikiwa na hasara ya senti 80, ni 2.40. Tatu zimefungwa na saa zikiwa na faida ya dola 5, ni 15. Umebaki na dola 1.80. Mara kumi, dola 1.80. Na hiyo ni kama spredi yako ni pipsi 1. Ukichukua broka mwenye spredi ya pipsi 3, kila oda inakugharimu senti 20 zaidi, mara kumi ni dola 2, na ile faida yako imegeuka kuwa hasara ya senti 20. Mbinu ni ileile, boksi ni lilelile, broka ndiye tofauti. Na broka huyo angalia kwanza kama ana leseni ya CMA, kwa sababu kanuni za Kenya za mwaka 2017 zinataka broka wa foreksi mtandaoni awe nayo.

Kwa hivyo mtu akikuonyesha ORB ikilipa kodi ya nyumba kutoka akaunti ya dola 200, mwulize spredi yake, mwulize saa yake ya kutoka, mwulize kikomo chake cha siku. Akianza kuongea kuhusu mawazo ya kitajiri, funga video.

Kama unataka kujaribu, fanya kwa akaunti ya mazoezi siku 40 za soko. Kila siku andika vitu vitano: ukubwa wa boksi, umeingia upande gani na saa ngapi, imefungwa na stopu au na saa, na pipsi ngapi. Mwishoni tenganisha zilizofungwa na saa, uzijumlishe zenyewe. Hizo ndizo zinapaswa kulipia stopu zako. Kama jumla yake haizifikii, basi ufunguzi uliochagua haufai kwa sarafu hiyo, na umejua bila kuchoma hata shilingi.

Mamangu bado huuliza nitarudi chuo lini. Nina bahasha ya karo, na iko mbali na simu. Inajazwa na video za harusi, si na pauni. Boksi la asubuhi linaniongezea kidogo, siku zingine linanipunguzia, lakini halijawahi tena kugusa hiyo bahasha. Sasa hivi ni saa nane kasoro robo na alamu imelia. Niko na oda wazi, iko juu pipsi 11, na bado inapanda.

Naenda kufunga.